Bafa inaishiwa mapema, au inachelewa? Kutafuta kosa unapopima asidi inayoshusha pH kwa kizio kimoja

Umetengeneza bafa ya asetati, umeweka mililita 50 ndani ya bika, bureti imejaa asidi hidrokloriki ya 0.50 M, na hesabu yako inasema pH itakuwa imeshuka kwa kizio kimoja ukifika mililita 8.2. Unafungua koki, unakoroga, unasoma, na kizio kimoja kinatimia kwenye 5.1. Mwenzako wa meza ya pili amepata 9.4. Wa tatu kapata 8.2 barabara, ila pH aliyoanzia si ile iliyoandikwa kitabuni, na sasa hajui kama afurahi au arudie.

Kabla ya kumwaga kitu chochote, tuiweke hesabu mezani, maana dalili zote zinasomwa kwa kuilinganisha nayo. Bafa yetu ina asidi asetiki ya 0.10 M na sodiamu asetati ya 0.10 M. Katika mililita 50 kuna milimoli 5 za kila moja. Kila milimoli ya asidi kali inayoingia inamezwa na milimoli moja ya asetati, ambayo inageuka kuwa asidi asetiki. Kwa hiyo asetati inapungua, asidi asetiki inaongezeka kwa kiasi kilekile, na pH inafuata uwiano wa hizo mbili. Ili pH ishuke kwa kizio kimoja, uwiano huo lazima upungue mara kumi. Tulianza na 1, tunataka 0.1:

```
(5 − x) / (5 + x) = 0.1
5 − x = 0.5 + 0.1x
x = 4.09 mmol
4.09 mmol ÷ 0.50 mmol/mL ≈ 8.2 mL
```

Angalia kwamba asetati haikwisha. Imetumika asilimia 82 hivi, na iliyobaki bado inafanya kazi, ingawa kwa kusuasua.

Sasa andika namba mbili kwenye daftari: pH uliyoanzia, na ujazo wa asidi uliotimiza kizio kimoja. Watu wengi huandika ule ujazo tu, kisha wanakaa kubahatisha. Namba hizi mbili zinajibu maswali tofauti. pH ya kuanzia inakueleza uwiano wa asetati na asidi asetiki, na karibu haijali kama bafa ni nzito au nyepesi. Ujazo unakueleza kiasi cha asetati kilichomo, ukilinganisha na nguvu ya asidi iliyo kwenye bureti. Ukizisoma kwa pamoja, mara nyingi kosa linajitaja lenyewe.

pH ya kuanzia ni 4.65 na siyo 4.76

Hili siyo kosa, na nimeona bafa nzuri zikimwagwa kwa sababu yake. Thamani ya 4.76 ni pKa ya asidi asetiki katika myeyusho mwepesi sana, ambamo ioni hazisumbuani. Bafa yako ina ioni za sodiamu na asetati kwa 0.10 M, na katika msongamano huo ioni hazitendi kama zile za kwenye fomula. Bafa ya asetati ya 0.10 M kwa 0.10 M husoma takriban 4.65 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi. Ukiizimua mara kumi, pH inapanda na kuikaribia 4.7, ingawa uwiano haujaguswa.

Kwa jaribio letu tofauti hiyo haina madhara, kwa kuwa tunatafuta anguko la kizio kimoja, siyo pH yenyewe. Ukianzia 4.65, mwisho wako ni 3.65. Kosa ni kuanzia 4.65 kwenye mita halafu ukasimama kwenye 3.76 kwa sababu kitabu kilisema hivyo. Ukifanya hivyo utasimama kwenye mililita 7.7 hivi na kudhani bafa ni dhaifu.

pH ya kuanzia iko chini, na asidi kidogo tu inatosha

Hii ndiyo dalili ya yule aliyepata 5.1. Tazama pH yake ya kuanzia: kama mita inasoma 4.4 na kidogo, nenda moja kwa moja kwenye kopo la sodiamu asetati usome lebo. Chumvi hii inauzwa kwa sura mbili. Moja ni kavu kabisa, na moli yake ina gramu 82.03. Nyingine imebeba molekuli tatu za maji, na moli yake ina gramu 136.08. Kwa macho zote ni nyeupe, na zote zimeandikwa jina lilelile kwa herufi kubwa. Maji yanatajwa kwenye fomula yenye herufi ndogo, `CH3COONa·3H2O`.

Ukipima gramu 8.20 kwa lita ukidhani ni ile kavu, kumbe ni yenye maji, umepata 0.060 M badala ya 0.10 M. Katika mililita 50 una milimoli 3.01 za asetati dhidi ya milimoli 5 za asidi asetiki. Uwiano umekuwa 0.60, na log yake inashusha pH kwa 0.22, ndiyo maana mita inasoma takriban 4.45. Rudia hesabu ya anguko la mara kumi kwa namba hizi na utapata milimoli 2.56, yaani mililita 5.1. Dalili zote mbili zimeelekea sehemu moja, na huhitaji kupima kitu kingine. Pima gramu 13.61 kwa lita na uanze upya.

Kuna jambo hapa ambalo lingefaa lifundishwe kabla ya fomula yoyote. Dhidi ya asidi kali, akiba ya bafa ni asetati. Asidi asetiki iliyomo inaweka uwiano tu. Chukua bafa mbili zilizoharibika: moja imepungukiwa nusu ya asetati, nyingine imepungukiwa nusu ya asidi asetiki. Ya kwanza ina milimoli 2.5 kwa 5. Inaanzia karibu 4.35 na inaishiwa kwenye mililita 4.3. Ya pili ina milimoli 5 kwa 2.5, inaanzia karibu 4.95 na inakwenda hadi mililita 7.5. Kosa ni la ukubwa uleule, lakini moja limekata karibu nusu ya jibu na jingine halijafikisha hata sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo ujazo ukiwa umeshuka sana, usihangaike na chupa ya asidi asetiki, shuku asetati.

Na ndiyo maana pia bafa ya asetati iliyorekebishwa makusudi hadi pH nyingine haitakupa 8.2 hata ikiwa imetengenezwa bila doa. Tuseme jumla ya asetati na asidi asetiki ni ileile, milimoli 10, ila mtu ameirekebisha ianzie nusu kizio chini ya pKa. Asetati iliyomo ni milimoli 2.4 tu, na mililita 4.2 zinatosha kuishusha kwa kizio kimoja. Nusu kizio juu ya pKa, asetati ni milimoli 7.6 na inachukua mililita 10.4. Ukisoma mahali kwamba bafa ina nguvu kuliko zote pale pH inapolingana na pKa, hiyo ni kweli kwa mguso mdogo wa asidi au besi. Kwa anguko zima la kizio kimoja, bafa inayomeza asidi nyingi kuliko zote ni ile inayoanzia nusu kizio juu ya pKa, kwa kuwa anguko lake linapita katikati ya pKa na kuiacha nusu huku na nusu kule.

pH ya kuanzia iko juu kidogo, ujazo ni karibu uleule

Hapa sasa ndipo chupa ya asidi asetiki inapoingia. Asidi asetiki safi isiyo na maji inaganda kwenye nyuzi 16.6. Dar es Salaam au Mombasa hutaiona ikiganda, lakini katika maabara ya Mbeya, Njombe au hata Nairobi mwezi wa Julai, asubuhi utakuta chupa ina fuwele chini na kimiminika juu. Fuwele hizo ndizo asidi safi zaidi. Maji yaliyokuwemo yamebaki kwenye kimiminika. Ukimimina cha juu unapata asidi iliyopungua nguvu. Weka chupa kwenye maji ya vuguvugu hadi yote iyeyuke, itikise, ndipo upime mililita 5.7 kwa lita ili upate 0.10 M.

Dalili hiyohiyo inaletwa na maji ya kisima. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa, na ya pwani pia, yana bikabonati, na bikabonati inaigeuza sehemu ya asidi asetiki kuwa asetati kabla hujaanza. pH inapanda kwa vijisehemu vya mia vichache, na ujazo unaongezeka kidogo. Tumia maji yaliyokenekwa. Na kama unayachukua kwenye kituo cha mafuta, hakikisha unachonunua ni maji ya kuongezea betri. Jina la maji ya betri kuna wanaolitumia hata kwa asidi sulfuriki ya kujazia betri mpya, na hiyo haitakuacha na bafa yoyote.

pH ya kuanzia ni sahihi, ujazo hauko sawa

Huyu ni yule wa 9.4. Uwiano wake ni mzuri, kwa hiyo hakukosea kopo wala chupa. Kilichobaki ni kiasi: ama bafa yake ni nzito kuliko anavyodhani, ama asidi yake ni nyepesi. Kwa upande wa pili wa sarafu hiyo, aliyepata mililita 0.8 badala ya 8.2 huku pH yake ikiwa karibu sawa anashika bafa iliyozimuliwa mara kumi. Mara nyingi chupa ya akiba ya 0.10 M ilikuwa imeshazimuliwa na aliyetangulia, naye akaizimua tena. pH haikumwonya, kwa kuwa kuzimua hakugusi uwiano, na ule mpando mdogo wa kuelekea 4.7 hupita bila kutiliwa maanani.

Kati ya bafa na asidi, mimi huanza kushuku asidi. Asidi hidrokloriki nzito inauzwa ikiwa na nguvu ya 12 M hivi, asilimia 37, na ni gesi iliyoyeyushwa ndani ya maji. Kila chupa inapofunguliwa, sehemu yake inaondoka na ule mvuke mweupe. Chupa iliyokaa muda mrefu ikifunguliwa na kufungwa haina tena 12 M, na aliyezimua mililita 41 hadi lita moja akaandika 0.50 M ameandika matumaini. Bureti inapoteza namba kwa njia nyingine pia: ukiiosha kwa maji na kuijaza asidi bila kuisuuza kwanza kwa asidi yenyewe, matone ya maji yaliyobaki kwenye kuta yanaizimua.

Dawa ni kuipima asidi dhidi ya kitu kisichobadilika kirahisi. Kausha sodiamu kabonati ndani ya oveni, iache ipoe kwenye chombo kikavu kilichofunikwa, upime gramu 0.265, uiyeyushe kwenye maji, uongeze matone mawili ya methili oranji, kisha utitrishe kwa asidi yako. Gramu hizo ni milimoli 2.5, na kila milimoli ya kabonati inakula milimoli mbili za asidi, kwa hiyo asidi ya kweli ya 0.50 M itabadilisha rangi kwenye mililita 10.0. Ukikaribia mwisho, chemsha kidogo kuondoa kaboni dayoksaidi, ipoze, umalizie.

Yule wa 9.4 alipata mililita 11.5. Gawanya milimoli 5 kwa 11.5: asidi yake ilikuwa 0.435 M. Sasa zidisha 9.4 kwa 0.435 na unapata milimoli 4.09. Bafa yake ilikuwa nzima tangu mwanzo, na hana sababu ya kurudia jaribio. Anarekebisha mstari mmoja wa hesabu. Kama asidi ingetoka 0.50 M kamili, ndipo angegeukia mizani na chupa ya ujazo.

Fomula inasema 11.5, bureti inasema 8.2

Dalili hii haitoki kwenye vyombo. Inampata mwanafunzi makini zaidi darasani, yule aliyekwenda kutafuta fomula ya uwezo wa bafa. Fomula hiyo imejengwa juu ya kazi ya Donald Van Slyke, aliyeuweka uwezo wa bafa katika hesabu mwaka 1922, na kwa bafa yenye asidi moja dhaifu inakuwa hivi, ukiacha vipande vidogo vya maji yenyewe:

```
β = 2.303 · C · Ka[H+] / (Ka + [H+])²
```

Weka C ya 0.20 M, ambayo ni asetati na asidi asetiki kwa pamoja, na pH iwe sawa na pKa. Unapata β ya 0.115 moli kwa lita kwa kila kizio cha pH. Kwa mililita 50 hizo ni milimoli 5.76, na kwa asidi ya 0.50 M ni mililita 11.5. Mwanafunzi anaangalia bureti, anaangalia fomula, anaamua kwamba bureti ndiyo yenye kosa.

Kabla ya kumjibu, mwulize kuna asetati kiasi gani kwenye bika. Milimoli 5. Fomula yake inadai bafa imeze milimoli 5.76 za asidi kwa kutumia milimoli 5 za asetati, na bado pH iwe imeshuka kizio kimoja tu. Haiwezekani. Mahesabu yake hayana kosa la kikokotoo. Kosa ni kuitumia β kama bei moja ya safari nzima. β ni mteremko wa mkunjo pale uliposimama. Kwenye pKa ni 0.115. Ukifika kizio kimoja chini, ileile fomula inakupa 0.038, theluthi moja tu. Kila mililita ya asidi unayoongeza inashusha pH zaidi ya iliyotangulia.

Inaonekana wazi ukiandika usomaji wa bafa iliyo nzima:

```
HCl 0.50 M (mL)     pH
0                   4.65
2                   4.47
4                   4.28
6                   4.05
7                   3.90
8                   3.70
8.2                 3.65
9                   3.40
10                  2.8
```

Mililita mbili za kwanza zimeshusha pH kwa 0.18. Kutoka 6 hadi 8, mililita mbili zilezile zimeshusha 0.35. Kati ya 9 na 10 asetati imekwisha, na pH imeanguka zaidi ya nusu kizio kwa mililita moja.

Kwa hiyo kuna majibu mawili yaliyo sahihi kwa maswali mawili. Ukiulizwa β ya bafa hii kwenye pH yake, jibu ni 0.115, na kulipata kwa jaribio unaongeza asidi kidogo, tuseme nusu mililita, na kugawanya moli kwa lita ya bafa kwa anguko dogo unaloliona. Ukiulizwa asidi inayoshusha pH kwa kizio kimoja, jibu ni milimoli 4.09 kwa mililita 50, yaani 0.082 moli kwa kila lita ya bafa. Andika kwa lita kila mara. Meza mbili zikitumia bafa ileile, moja mililita 25 na nyingine 50, na kila moja ikaripoti ujazo wa bureti peke yake, zitabishana hadi kengele ilie.

Usomaji unaruka kizio kimoja bila kukionyesha, au namba haitulii

Jedwali hilo linaeleza pia kwa nini mtu anaongeza mililita moja moja na kujikuta ametoka 3.70 hadi 3.40 bila kuiona 3.65. Ongeza mililita moja moja hadi 6, kisha nusu nusu hadi 7.5, halafu 0.2 kila mara, na upite mwisho kwa hatua mbili au tatu. Chora mkunjo, utafute ujazo pale mstari unapokata pH uliyoanzia ukitoa moja. Kusimamisha bureti barabara kwenye namba hakuna faida yoyote kuliko kusoma mchoro.

Kama namba yenyewe inacheza, zima sumaku ya kukorogea kwa sekunde chache. Usomaji ukihama kwa zaidi ya vijisehemu vichache vya mia, elektrodi iko kwenye kimbunga cha maji au haijazama vya kutosha. Bulbu na ile tundu ndogo ya pembeni zote zinapaswa kuwa chini ya maji. Angalia pia tone la bureti linaangukia wapi. Likiangukia karibu na bulbu, mita inasoma asidi ambayo bado haijachanganyika, inashuka ghafla, kisha inapanda taratibu kama vile bafa inajiponya. Sogeza elektrodi upande wa pili wa bika. Namba ikitambaa upande mmoja kwa dakika nzima hata katika myeyusho uliotulia, elektrodi huenda ilihifadhiwa kavu au ndani ya maji matupu. Iloweke kwenye kloridi ya potasiamu ya 3 M kwa saa kadhaa.

Elektrodi iliyozeeka ina hila zaidi, kwa sababu inatulia vizuri huku ikidanganya. Elektrodi nzima inatoa milivolti 59 kwa kila kizio cha pH kwenye nyuzi 25. Iliyochoka inatoa, tuseme, asilimia 90 ya hizo. Ukiisawazisha mita kwa bafa sanifu ya pH 7 peke yake, kwenye 7 itasoma sawa, lakini bafa yako ya 4.65 itaonekana 4.88, na kizio kimoja kwenye kioo kitakuwa kizio 1.11 ndani ya bika. Hapo utapata mililita 8.6 hivi badala ya 8.2. Ujazo umehama kidogo tu kwa kuwa mkunjo umeshakuwa mkali pale mwishoni, ndiyo maana kosa hili linapita bila kushukiwa huku pH ya kuanzia ikikupeleka kulaumu chupa ya asidi asetiki. Sawazisha kwa bafa mbili, 7.00 na 4.01, ambazo zinaukumbatia usomaji wote isipokuwa mkia wa chini. Kisha rudisha elektrodi kwenye 4.01 uone kama inasoma 4.01.

Mita haipo

Karatasi za pH zinazosoma kwa kizio kizima hazifai hapa. Anguko unalolipima ni sawa na upana wa alama moja. Lakini jaribio linawezekana bila mita, na kwa namna ninayoipenda kuliko nyingine kwa kuwa kemia yake inaonekana kwa macho. Badala ya kupima pH ya mwisho, itengeneze. Bafa iliyoshuka kizio kimoja ni ile yenye asetati moja kwa asidi asetiki kumi, kwa hiyo changanya mililita 5 za sodiamu asetati ya 0.10 M na mililita 50 za asidi asetiki ya 0.10 M kwenye bika la pembeni. Tia matone matano ya bromofenoli buluu, kiashiria kinachotoka njano kwenye pH 3.0 hadi buluu ya zambarau kwenye 4.6. Utapata rangi ya katikati, kijani iliyochafuka.

Weka matone matano yaleyale kwenye mililita 50 za bafa yako, ambayo itaanza ikiwa buluu, na uweke mabika mawili ya ukubwa mmoja juu ya karatasi nyeupe. Titrisha hadi rangi zifanane, ukitazama kutoka juu. Ujazo ndani ya mabika usitofautiane sana, la sivyo kina cha maji kitabadilisha rangi unayoiona. Mililita 55 kwa 58 zinakubalika. Macho ya watu wawili yatatofautiana kwa mililita 0.3 au zaidi, na kama mtu wa tatu anaona rangi zimefanana kwenye 6 wakati wengine wanasema 8, mwombe atazame kwenye mwanga wa dirishani kabla hujaigusa bafa.